Shajara ya mradi: taa na mtikisiko kwa fundi cherehani kiziwi, Mikindani

Ingizo la kwanza: nyumba na kazi yenyewe

Mtumiaji wa mfumo huu ni fundi cherehani wa Mikindani ambaye hasikii kabisa. Anashonea sebuleni, analala chumba cha pili, na jiko lake liko uani. Mambo matatu ndiyo yanayompita: mteja anayebisha hodi, simu inayoita (wateja wengi hupiga kwanza, wakikosa kupokelewa ndipo wanaandika), na ujumbe, hasa ule wa malipo yaliyoingia kwenye simu.

Simu zenyewe ni mbili: kitochi cha vibonye kinachopokea malipo, na simu janja ya WhatsApp na ya kupiga kwa video, anayoitumia kuongea kwa lugha ya alama. Hilo la simu mbili ndilo limeamua muundo mzima. Simu janja nyingi zina uwezo wa kuwasha tochi ya kamera arifa inapoingia, na Android imeuweka ndani ya mipangilio yake ya kawaida tangu toleo la 14. Lakini kitochi hakina hiyo, na tochi ya kamera haionekani na mtu aliyeinamia sindano. Njia ya kuunganisha simu janja na taa kwa WiFi tuliiweka kando pia. Simu ikishikilia WiFi isiyo na intaneti, mara nyingi inaacha kutumia data ya laini, na ujumbe wa WhatsApp unakaa njiani mpaka mtu atoke nje ya WiFi hiyo. Mfumo wa kuarifu ujumbe ungekuwa ndio unaouzuia.

Tumechagua kitu ambacho simu zote mbili zinacho: mtikisiko. Simu zinalala juu ya kibao, kibao kinahisi mtikisiko wake, kisha taa za chumba na mota zilizowekwa kitini na kitandani zinafanya kazi. Simu haihitaji programu, intaneti wala kuunganishwa na chochote.

Ingizo la pili: kibao cha simu

Kihisio ni kisahani cha piezo cha milimita 27, kile cha rangi ya shaba kinachopatikana ndani ya kengele za saa na kadi za kuimba. Kikitikiswa kinatoa umeme kidogo. Tumekibandika kwa gundi ya epoksi chini ya kipande cha mbao nyembamba ya sentimita 20 kwa 20, upande mzima wa shaba ukigusa mbao. Gundi laini ya silikoni haifai hapa kwa sababu inanyonya mtikisiko kabla haujafika kwenye kisahani. Mbao imekaa juu ya vipande vinne vya sponji ili isipokee mitikisiko ya ukuta.

Waya mbili za kisahani zinakwenda kwenye Arduino Nano, bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha mfumo mzima: moja kwenye GND, mguu wa hasi, nyingine kwenye A0, mguu unaopima volti. Kati ya waya hizo kuna rezista ya megaohmu 1 ya kumwaga chaji, na daiodi ya zena ya volti 5.1, mstari wake ukielekea A0. Zena hiyo si ya kuruka. Kisahani kikipigwa kwa kidole kinaweza kutoa volti nyingi kuliko Nano inavyostahimili, na mlango wa A0 ukiungua hauonyeshi dalili nyingine yoyote zaidi ya kusoma namba ileile siku zote.

Kwenye kibao hiki Nano inasoma kati ya 5 na 15 kukiwa kumetulia, na kati ya 200 na 400 simu ikitikisika. Kizingiti tumekiweka 120. Simu janja ilikuwa na kava nene la mpira lililoshusha usomaji hadi karibu 90, kwa hiyo kava limebadilishwa kuwa la plastiki ngumu. Kushusha kizingiti kungekuwa rahisi zaidi, ila kungeingiza kelele za nyumba.

Kelele hizo ndizo zilizotuchukua muda. Upepo wa kusi ukibamiza mlango, kibao kinasoma zaidi ya 300. Tofauti iko kwenye urefu: mlango unatikisa kibao kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi kisha unaisha, wakati simu inatikisika mfululizo kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo programu inasoma vipande vya milisekunde 50, na haiamini kitu mpaka vipande vinne vifuatane.

```
bool kunaMtikisiko() {
  int juu = 0;
  unsigned long t = millis();
  while (millis() - t < 50) {
    int s = analogRead(A0);
    if (s > juu) juu = s;
  }
  return juu > 120;
}

void sikilizaSimu() {
  mfululizo = kunaMtikisiko() ? mfululizo + 1 : 0;
  if (mfululizo < 4) return;
  mfululizo = 0;
  int jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 80; i++)
    if (kunaMtikisiko()) jumla++;
  onyesha(jumla >= 25 ? SIMU : UJUMBE);
}
```

Vipande 80 ni sekunde 4 za kusikiliza. Simu inayoita hutikisika na kupumzika kwa zamu, hivyo ndani ya sekunde nne hujaza vipande 35 hadi 45. Ujumbe mmoja hauzidi 12. Kikwazo kilichobaki ni kundi la WhatsApp lenye maneno mengi: ujumbe tano zikiingia kwa pamoja zinasomeka kama simu inayoita. Makundi yote yamezimwa arifa, yamebaki ya familia na ya wateja.

Ujumbe wa kitochi ulikuwa unatikisika kwa muda mfupi mno kufikisha vipande vinne. Kwenye mipangilio ya kitochi hicho kuna mlio wa ujumbe ulio mrefu zaidi, na mtikisiko unaufuata mlio. Tukauchagua, tatizo likaisha.

Kibao kimewekwa kwenye rafu ya ukutani, mbali na meza ya cherehani. Mezani haifai hata kidogo: cherehani inayokimbia inasomeka 150 hadi 600 mfululizo, na kwa programu hiyo ni simu isiyokatika.

Ingizo la tatu: taa

Utepe wa LED wa volti 12, aina ya 5050 yenye taa 60 kwa mita, unatumia takriban wati 14 kwa mita. Sebuleni tumeweka mita moja, chumbani nusu mita. Rilei hatukutumia, kwani vidole vyake vinachakaa kwa kuwashwa na kuzimwa maelfu ya mara. Tumetumia mosfeti ya IRLZ44N, swichi ya kielektroniki isiyo na vidole, moja kwa kila taa. Herufi L katikati ya jina hilo ndiyo ya kuangalia dukani. IRFZ44N inafanana nayo kwa umbo na mara nyingi hutolewa badala yake, lakini kwa volti 5 za Nano haifunguki vizuri, na inapata joto huku taa ikiwaka kwa unyonge. Ukigusa mosfeti ukaikuta ya moto kwenye mzigo mdogo wa ampea 1.2, angalia jina kwanza.

Mahali pa taa ni muhimu kuliko ukubwa wake. Nyumba haina dari, na utepe uliofungwa juu kwenye kenchi mwanga wake ulipotelea kwenye bati na boriti nyeusi. Tumeushusha ukutani mbele ya cherehani, sentimita 40 juu ya kichwa cha fundi, ukielekea ukuta mweupe badala ya macho. Ukuta mzima unamweka, na anauona hata akiwa amekazia macho mshono. Mchana dirisha likiwa wazi taa hii inaonekana kwa yule anayeelekea ukuta huo tu. Akigeuka kukata kitambaa kwenye meza ya nyuma, haoni kitu. Ndiyo sababu kiti nacho kina mota.

Mwako mfupi umewekwa mara moja kwa sekunde: nusu sekunde inawaka, nusu inazima. Mtu akiona taa inapepesa taratibu hivyo, hamu ya kuiongezea kasi huja yenyewe. Tusifanye hivyo. Mwako unaozidi mara tatu kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa kwa wenye kuguswa na mwanga, na hapa wateja wanaingia na watoto wao bila mtu kujua nani ana hali hiyo. Mwako wa taratibu nao unasomeka vizuri zaidi kama alama. Mlango ni mimweko mitatu na pumziko. Simu ni mwako mrefu wa sekunde mbili na pumziko la sekunde moja. Ujumbe ni mimweko miwili, basi.

Ingizo la nne: mota ya kiti na ya kitanda

Vimota vya sarafu vinavyotoka kwenye simu mbovu tumevijaribu na kuviacha. Mkononi vinasikika, lakini chini ya godoro havifiki popote. Tumetumia mota ndogo za volti 12, kila moja ikiwa na uzito wa gramu kama 10 uliofungwa upande mmoja wa mhimili wake. Inapozunguka, uzito huo unaivuta huku na huku.

Mota lazima iwe ndani ya gamba. Tumeiingiza kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 chenye vifuniko pande zote. Bila gamba, uzito unanasa shuka au uzi, mota inakwama, na umeme unaopanda kutoka ampea 0.5 hadi kupita 2 unaiunguza kimyakimya. Kila mota ina fyuzi yake ya ampea 1, daiodi ya 1N4007 iliyokingama kwenye ncha zake kwa ajili ya umeme unaorudi inapozimwa, na rezista ya kiloohmu 10 kati ya geti ya mosfeti yake na GND. Rezista hiyo ya mwisho ikikosekana, mota inanguruma yenyewe kwa muda kila Nano inapowashwa.

Kiti ni cha mbao, hivyo kufunga gamba chini ya kikalio kwa skrubu mbili kumetosha. Shida ilikuwa cherehani yenyewe. Fundi anayekanyaga pedali tayari ametikiswa mwili mzima, na mtikisiko wa mfululizo wa kiti ulichanganyika na ule wa cherehani asiutambue. Mapigo yaliyokatwakatwa yanatambulika: nusu sekunde inatikisa, nusu inaacha, kwa alama ileile ya taa.

Kitanda kilikuwa kigumu zaidi. Godoro ni la sponji la inchi 6. Mota iliyofungwa kwenye chaga chini yake haikumwamsha, kwani sponji inameza mtikisiko wa kasi. Tuliongeza uzito hadi gramu 18 na kupunguza kasi ya mota kwa `analogWrite(6, 150)`. Mtikisiko mzito wa taratibu unapita kwenye sponji vizuri kuliko mwembamba wa haraka. Pia gamba limehamishwa kutoka chagani hadi juu ya godoro, chini ya shuka, usawa wa mabega, ndani ya mfuko wa turubai alioushona fundi mwenyewe. Mtoni haifai: mto unasukumwa usiku na waya unakatika. Waya unatokea upande wa ukutani, chini ya ncha ya chandarua, ili usiache mwanya wa mbu.

Chumbani taa na mota hufanya kazi pamoja. Aliyelala fofofo mara nyingi haamshwi na mwanga peke yake, hasa akilalia upande wa ukuta. Mota ndiyo inayoamsha, taa inamwambia ni nini.

Hapa pia tulikutana na kosa ambalo mtu yeyote atakayejenga kitu hiki atakutana nalo: mfumo unaojisikia wenyewe. Mota ya kitanda inatikisa kitanda, kitanda kinagusa ukuta, ukuta unabeba rafu, na kibao kinasoma simu inayoita. Mota inawaka tena, na haitazima mpaka mtu ang'oe waya. Utaijua kwa jambo moja, kwamba arifa inaendelea hata simu zikiondolewa kibaoni. Dawa ni mbili kwa pamoja. Kitanda kimesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani, na programu haisomi kibao wakati mota inazunguka wala sekunde moja baada ya kusimama. Simu huita muda mrefu kuliko raundi moja ya mota, kwa hiyo kama bado inaita itasomwa upya.

Ingizo la tano: mlango

Kitufe cha kengele kiko kwenye fremu ya mlango, na waya wa mita 9 unarudi kwenye mguu wa D2 wa Nano. Rezista ya ndani ya Nano haikutosha kwa waya mrefu hivyo. Friji ya jirani wa ukuta mmoja ikiwaka, taa ilisema kuna mgeni. Tumeongeza rezista ya kiloohmu 1 kutoka D2 hadi volti 5, kapasita ya nanofaradi 100 kutoka D2 hadi GND, na programu inahakikisha kitufe bado kimebonyezwa baada ya milisekunde 30. Juu ya kitufe kuna maandishi, "Bonyeza hapa, taa itawaka ndani", maana mtu wa Mikindani akifika mlangoni anapiga hodi kwa mdomo na kusubiri aitikiwe karibu.

Ingizo la sita: arifa iliyopita bila kuonekana

Kwa anayesikia, mlio wa simu unamfuata hadi uani. Taa haimfuati mtu. Fundi akiwa jikoni nje simu ikaita, taa inawaka, inazima, na akirudi chumba kiko vilevile. Kwa hiyo kila arifa sasa inabaki kuwa deni. Kuna taa ndogo tatu juu ya rafu: nyekundu ni mlango, njano ni simu, buluu ni ujumbe. Inayohusika inabaki inawaka, na utepe wa sebuleni unarudia mimweko miwili kila dakika mpaka kitufe cha "Nimeona" kibonyezwe. Kitufe hicho kimewekwa pembeni mwa kibao cha simu kwa makusudi, ili anayekibonyeza awe tayari ameziona simu.

Usiku ni tofauti. Swichi moja kando ya kitanda inazuia ujumbe usitikise kitanda wala kuwasha taa za vyumba, ila deni lake linabaki hadi asubuhi. Mlango na simu zinaamsha kama kawaida. Bila swichi hiyo, kitu kinachomwamsha mtu kwa tangazo la vocha usiku wa manane kingeng'olewa ndani ya wiki, na pamoja nacho ile simu moja ya dharura.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Asiyesikia hana namna ya kutofautisha siku ambayo hakuna aliyempigia na siku ambayo mfumo umekufa. Taa ndogo ya kijani inapepesa kila sekunde 5 programu ikiwa hai. Isipopepesa, mfumo umelala. Kila asubuhi anabonyeza kengele ya mlango, kisha anajipigia kitochi kutoka simu janja. Njia ya mlango na ya simu zinapimwa kabla mteja wa kwanza hajafika.

Kupima huko ndiko kulikofichua mambo yanayozima mtikisiko ndani ya simu yenyewe. Hali ya Usinisumbue, ambayo simu nyingine huiwasha kwa ratiba kila usiku, inanyamazisha karibu kila kitu. Kwenye baadhi ya simu, kuokoa betri nako kunapunguza au kuondoa mtikisiko. Na simu janja inatikisika ikichomekwa chaji, jambo linalosomeka kama ujumbe kila umeme wa nyumba unaporudi. Hilo la mwisho tumeliacha lilivyo: akiona deni la buluu bila ujumbe, anajua umeme umerudi.

Ingizo la saba: umeme na chumvi

Mfumo unategemea betri ya risasi ya volti 12, Ah 7, inayochajiwa na paneli ya wati 20 kupitia kidhibiti cha chaji. Kigeuzi cha LM2596 kimepimwa na kuwekwa volti 5.0 kabla ya kuunganishwa na Nano. Kikiungwa kwanza na kurekebishwa baadaye, Nano inaweza kupokea volti 12 na kufa palepale. Fyuzi kuu ya ampea 5 iko karibu kabisa na betri.

Kwa kutulia tu mfumo unakula takriban miliampea 20, yaani karibu Ah 0.5 kwa siku. Arifa moja ya sekunde 20, taa na mota zikiwaka na kuzima kwa zamu, inakula Ah 0.006 hivi. Arifa 60 zinafikia Ah 0.4 kwa siku. Kwa kuwa betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kuna Ah 3.5 za kutumia, sawa na siku tatu hadi nne za mawingu bila jua kabisa.

Upepo wa bahari hapa unaotesha kutu ya kijani kwenye kila kiungo cha shaba. Nyaya za kuchomeka za kujaribia zilianza kukatakata mawasiliano mapema, na dalili yake ilikuwa taa ya kijani kupepesa bila mpangilio, kwa sababu Nano ilikuwa inajiwasha upya. Viungo vyote sasa vimelehemiwa na kupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Vichwa vya betri vina grisi.

Kilichobaki

Uani bado. Jua la saa sita linaifuta taa yoyote tunayoweza kuilisha kwa betri hii, na mota haina pa kufungwa kwa mtu anayetembea. Bangili ya Bluetooth inatikisa mkono kwa arifa za simu janja, lakini haijui mlango wala kitochi, na kutoka rafuni hadi jikoni kuna kuta mbili zinazokata mawasiliano. Kinachojengwa sasa ni kisanduku cha mkandani chenye kimota cha sarafu na kipokezi cha redio cha megahezi 433, ambacho Nano itakipelekea alama zilezile tatu. Kimota cha sarafu kilichoshindwa godoroni kinatosha kikigusa mwili. Antena ni waya wa sentimita 17.3, robo ya urefu wa wimbi, na lazima kisanduku nacho kitikisike kidogo kikipoteza mawimbi ya Nano kwa zaidi ya dakika moja, kwa sababu ileile ya taa ya kijani.